Giga mbili za video dakika mbili, giga mbili za mafaili ya ofisi nusu saa: kwa nini, na ufanyeje

Swali hili linarudi dukani kwa sura ileile. Mtu wa ofisi ya utalii anateremka na laptopu yake kutoka upande wa Mnara wa Saa, anaweka flashi mezani na kusema: "Fundi, hii flashi imekufa. Jana nimekopi video ya mgeni, giga mbili, hata dakika mbili hazikuisha. Leo nakopi folda ya ofisi, giga mbili hizohizo, chai imeletwa, imenyweka, na bado inahesabu."

Flashi yako haijafa. Video ni faili moja. Folda ya ofisi ina vocha, ankara, barua pepe zilizohifadhiwa, picha ndogondogo za magari na vibanda vya kambi, miaka kadhaa ya kazi, na ukihesabu unakuta mafaili 40,000. Kinachokula muda hapo ni idadi, uzito hauna kosa.

Kila faili lina shughuli zake za kuandikishwa. Windows inalifungua kule lilipo, antivairasi inalipekua, kisha upande wa flashi jina jipya linaandikwa kwenye orodha ya folda, nafasi tupu inatafutwa, nafasi hiyo inawekewa alama kwamba ina mwenyewe, data inaandikwa, halafu kompyuta inarudi tena kwenye orodha kujaza ukubwa na tarehe, na mwisho faili linafungwa. Video inapitia hayo yote mara moja. Folda yako inayapitia mara elfu arobaini. Ni kama kosta ya Arusha kwenda Moshi: abiria ni walewale na mwendo wa barabarani ni uleule, ila anayesimama Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, KIA, Boma na Kwa Sadala hawezi kufika pamoja na aliyeondoka moja kwa moja.

Flashi za bei nafuu zinaumia zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, chipu iliyo ndani haiwezi kufuta kipande kidogo cha data na kukiandika upya palepale. Inafuta bloku kubwa kwa mkupuo. Kwa hiyo kubadilisha baiti chache tu kwenye orodha ya mafaili kunaweza kuilazimu kuhamisha data nyingi isiyohusika. Pili, Windows 10 na 11 kwa kawaida huiweka flashi kwenye hali ya `Quick removal`, ili ukiichomoa ghafla usipoteze kitu. Maana yake ni kwamba vijiandikisho vile vidogo vinapelekwa kwenye flashi karibu papo hapo, badala ya kukusanywa kwenye kumbukumbu na kuandikwa kwa pamoja.

Nadharia inatosha. Tufanye kazi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Flashi au diski ya nje yenye nafasi tupu kuzidi ukubwa wa folda.
- Kompyuta ya Windows yenye 7-Zip. Ni programu ya bure. Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, 7-zip.org, usiichukue kwenye flashi ya jirani. Kama ofisi hairuhusu kuweka programu, usijali, nimeweka amri mbadala kwenye hatua ya 5.
- Saa ya simu yenye kipima muda.
- Umeme wa uhakika, au laptopu yenye chaji.
- Programu zote zinazotumia folda hiyo ziwe zimefungwa: Excel, programu ya mahesabu, ya barua pepe, zote.

Hatua

1. Hesabu mafaili. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua `Properties`, subiri namba zitulie. Soma mstari wa `Size` na mstari wa `Contains`. Kwa mfano wetu, `Size` ni giga 2 na `Contains` inasema mafaili 40,000 na folda 312. Gawanya: kila faili kwa wastani ni kilobaiti 50. Watu wengi husoma `Size` peke yake, wakakadiria muda kwa kuangalia hiyo, ndipo lawama zinapoiangukia flashi.

2. Pima mwendo wa flashi kwa faili moja kubwa. Chukua video yoyote ya kama giga moja, ikopi, pima muda. Saa isisimame pale dirisha la kukopi linapofungwa. Bofya `Eject` na usubiri ruhusa ya kuchomoa, kwa sababu wakati mwingine data bado inamalizia kuandikwa. Tuseme umepata megabaiti 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, giga 2 zingepaswa kuchukua sekunde 100.

3. Pima gharama ya kila faili. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayokupa jibu lako mwenyewe badala ya la mtu mwingine. Kopi mafaili 1,000 ya folda hiyo uyaweke kwenye folda ya majaribio, bila kuyahamisha yenyewe, kisha yakopi kwenye flashi ukiwa na saa mkononi. Kwa wastani wetu, hayo ni megabaiti 50. Tuseme yamechukua sekunde 27.5. Data yenyewe, megabaiti 50 kwa mwendo wa 20, ilihitaji sekunde 2.5 tu. Zilizobaki 25 zimekwenda kwenye uandikishaji wa mafaili 1,000, yaani milisekunde 25 kwa kila faili.

Sasa unaweza kukadiria safari nzima:

```
muda = (ukubwa ÷ mwendo) + (idadi × gharama ya faili moja)
     = (2000 ÷ 20) + (40000 × 0.025)
     = 100 + 1000
     = sekunde 1100
```

Dakika kumi na nane na ushee, na kati ya hizo data yenyewe imechukua chini ya dakika mbili. Namba zako zitatofautiana na hizi. Flashi dhaifu, au kompyuta ambayo antivairasi yake ni kali, itakuvusha nusu saa bila shida. Utakachokuta ni uleule mpangilio: namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza.

4. Amua kama kufungasha kuna faida. Zidisha mwendo wa flashi kwa gharama ya faili moja: 20 × 0.025 ni 0.5. Nusu megabaiti ndiyo mpaka wako. Faili dogo kuliko hapo linatumia muda mwingi kuandikishwa kuliko kusafirishwa, kwa hiyo folda iliyojaa hayo ifungashe. Folda ya picha za kamera, kila moja megabaiti 8, iko mbali sana na mpaka huo. Ikopi hivyohivyo, utaokoa sekunde chache tu ukiifungasha na utakuwa umejiongezea kazi ya kufungua.

5. Fungasha moja kwa moja kwenye flashi. Bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua `7-Zip`, halafu `Add to archive...`. Kwenye Windows 11 huenda ukahitaji kubofya `Show more options` kwanza. Kwenye dirisha linalofunguka badilisha vitu vitatu:

- Kwenye `Archive`, weka njia ya flashi yenyewe, kwa mfano `E:\safari.zip`.
- Kwenye `Archive format`, chagua `zip`.
- Kwenye `Compression level`, chagua `Store`.

`Store` inamaanisha mafaili yanapangwa ndani ya kifurushi kimoja bila kukamuliwa. Wengi huchagua `Ultra` wakidhani ndiyo itafupisha safari. Picha za JPEG na PDF nyingi zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa. Utaichosha kompyuta dakika nyingi kwa kupunguza uzito kidogo sana. Tena hapa hatutafuti kupunguza uzito, tunapunguza idadi. Kama folda ni maandishi matupu, chagua `Fastest`, hapo kutakuwa na faida ya kweli.

Sababu ya kuandika moja kwa moja kwenye flashi ni kwamba ukitengeneza kifurushi kwanza kwenye diski ya kompyuta, data itaandikwa mara mbili, na diski iliyojaa itagoma. Usitumie `Send to` na ile `Compressed (zipped) folder` ya Windows kwa kazi ya ukubwa huu: inaweka kifurushi palepale folda ilipo, na haikupi nafasi ya kuchagua `Store`.

Kama huna 7-Zip, Windows 10 tangu toleo la 1803 ina amri ya `tar`. Fungua Command Prompt uandike:

```
tar -cf E:\safari.tar -C D:\ SAFARI
```

Hapo `SAFARI` ni jina la folda iliyoko kwenye `D:`. Amri hii haisemi kitu inapofanya kazi. Kishale kinapepesa tu kwenye dirisha jeusi, na watu hulifunga wakidhani limekwama. Liache mpaka mstari wa kuandikia urudi.

Kwa mfano wetu, kama mafaili yako yapo kwenye SSD, tegemea dakika mbili mpaka tatu. Kama yapo kwenye diski ya zamani inayozunguka, itachukua zaidi, kwa kuwa kichwa cha diski bado kinapaswa kurukaruka kuyasoma moja moja. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika inachukua milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja tu, kabla hujahesabu muda wa kichwa kuhama. Kufungasha kumeondoa gharama ya upande wa kuandika. Ya upande wa kusoma ipo palepale.

6. Chomoa, rudisha, kagua. Bofya `Eject`, toa flashi, ichomeke tena. Usiruke kuichomoa: ukikagua palepale, Windows inaweza kukusomea data kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na flashi isiguswe, na utaambiwa kila kitu ni salama. Kisha bofya kifurushi kwa kitufe cha kulia, `7-Zip`, `Test archive`. Ndani ya zip kila faili lina namba yake ya uhakiki, na 7-Zip inasoma yote na kulinganisha. Mwisho itakuonyesha idadi ya mafaili. Iwe 40,000 ileile ya hatua ya 1. Kifurushi cha `tar` hakina uhakiki wa data wa namna hiyo, ndiyo maana kwa kazi muhimu napendelea zip.

Mpaka hatua hii imepita, usifute chochote kule kwenye kompyuta. Orodha ya yaliyomo kwenye zip huandikwa mwishoni mwa faili, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, au mtu akigusa flashi kwa mguu, unabaki na kifurushi kisichofunguka. Kwa hili njia ya kukopi moja moja ina ubora wake, lazima tukiri: ikikatika katikati, yaliyokwishafika yamefika.

7. Fungulia kwenye diski ya ndani ya kompyuta inayopokea. Chomeka flashi kule, bofya kifurushi kwa kitufe cha kulia, `7-Zip`, `Extract files...`, elekeza `D:\` au popote ndani ya kompyuta. Kwa `tar`, folda ya kupokelea iwepo kwanza:

```
mkdir D:\Mapokezi
tar -xf E:\safari.tar -C D:\Mapokezi
```

Uandikishaji wa mafaili 40,000 unafanyika hapa pia, haukwepeki. Tofauti ni kwamba unafanywa na SSD ya ndani, inayoumudu kwa muda mfupi sana ukilinganisha na flashi. Ukifungulia kwenye flashi yenyewe umerudi mwanzo kabisa. Na usibofye zip mara mbili ukaanza kuhariri ankara ukiwa ndani yake. Mara nyingi unachofungua ni nakala ya muda, na mabadiliko yako hayarudi kwenye kifurushi.

8. Siku zinazofuata, kopi kilichobadilika tu. Kama lengo ni kuweka akiba kila jioni, usifungashe folda nzima upya kwa ajili ya ankara tano. Kopi folda mara ya kwanza kwa uvumilivu kwenye diski ya nje, kisha kila jioni tumia amri hii:

```
robocopy D:\SAFARI E:\SAFARI /E /MT:16 /R:1 /W:1
```

Robocopy inalinganisha ukubwa na tarehe, na kuyaruka mafaili ambayo hayajabadilika. `/MT:16` inashughulikia mafaili 16 kwa wakati mmoja, na hiyo inasaidia sana kwenye SSD au unapokopi kupitia mtandao wa ofisi, ambako kila faili linahitaji kuulizana na kujibiwa na seva mara kadhaa. Kwenye diski inayozunguka inaweza hata kuchelewesha, basi itoe. `/R:1` na `/W:1` usiziache: bila hizo, faili moja lililoshikiliwa na Excel litajaribiwa tena mara milioni moja, na kila jaribio linasubiri sekunde 30. Kuna ofisi huikuta robocopy asubuhi ikiwa bado imesimama kwenye ankara moja.

Ikigoma

*Kifurushi kinakataa kikifika giga 4.* Flashi yako ni FAT32, ambayo haipokei faili la giga 4 au zaidi hata kama nafasi tupu ipo. Bofya flashi kwa kitufe cha kulia, `Properties`, usome `File system`. Dawa ni kuiformati iwe exFAT, na hiyo itafuta kila kitu kilichomo. Kama hutaki kufuta, kwenye dirisha la 7-Zip kuna sehemu ya `Split to volumes, bytes`. Andika `3900M`, nayo itakata kifurushi vipande vipande. Vyote viwe pamoja wakati wa kufungua.

*Folda ni giga 2 lakini flashi inasema imejaa giga 5.* Hii huwapata waliokopi bila kufungasha. Flashi ya giga 64 yenye exFAT kwa kawaida hugawa nafasi kwa vyumba vya kilobaiti 128, na faili la kilobaiti 50 linachukua chumba kizima. Mafaili 40,000 mara 128 ni kama giga 5. Utaona tofauti hiyo ukilinganisha `Size` na `Size on disk`. Hakuna kilichopotea wala hakuna virusi.

*Hata faili moja kubwa linakwenda polepole.* Hapo shida si idadi. Jaribu tundu lingine la USB; la USB 2.0 kikomo chake kwenye karatasi ni megabaiti 60 kwa sekunde, na kwa kazi halisi hupati hata hizo. Matundu ya USB 3 mara nyingi yana plastiki ya bluu ndani. Ikiwa kila tundu ni lilelile, flashi ndiyo hivyo ilivyo.

*Inaanza kwa kasi halafu inashuka ghafla.* Angalia mstari wa `Items remaining`. Kama namba ya vitu inapungua kwa mwendo uleule huku megabaiti kwa sekunde zikishuka hadi kilobaiti mia kadhaa, umeingia kwenye folda ya mafaili madogo. Kama vitu havisogei kabisa na kuna faili moja kubwa, flashi imejaza akiba yake ya ndani na inapumua, subiri.

*7-Zip inasema faili linatumiwa na programu nyingine.* Kuna kitu hukukifunga. Soma jina la faili kwenye onyo, funga programu yake, futa kifurushi kilichotoka nusu, anza upya.

*Kufungua kunagoma kwenye mafaili machache, kunalalamika kuhusu njia ndefu.* Programu nyingi za Windows bado hazipendi njia inayozidi herufi 260 hivi, na ofisi zetu zinapenda folda ndani ya folda ndani ya folda yenye jina zima la mgeni na tarehe zake. Fungulia karibu na mzizi, `D:\S` kwa mfano, badala ya `Desktop`.

*Je, nizime antivairasi ili iende haraka?* Usizime. Ni kweli inachangia gharama ya kila faili, lakini flashi inayozunguka kwenye stesheneri na ofisi za watu ndiyo njia kuu ya virusi hapa mjini, vile vinavyogeuza folda zako kuwa shotikati.

*Robocopy inakopi yote upya kila jioni ingawa hakuna kilichobadilika.* Karibu kila mara diski ya kupokea ni FAT32, ambayo huandika muda wa faili kwa hatua za sekunde mbili, hivyo tarehe hazilingani kamwe na zile za diski ya kompyuta, ambayo ni NTFS. Ongeza `/FFT` mwishoni mwa amri.